Kupima urefu wa meli iliyotia nanga ukiwa umesimama Forodhani

Ukiwa Forodhani, Unguja, ukitazama baharini, meli ya mizigo iliyotia nanga huonekana fupi kuliko kidole. Umbali wake unaweza kuujua. Ukijua pia imechukua nafasi kiasi gani machoni mwako, urefu wake utaupata kwa hesabu ya kuzidisha na kugawa. Nafasi hiyo ndiyo huitwa ukubwa wa pembe, yaani pembe iliyopo kati ya mstari wa jicho unaokwenda ncha moja ya kitu na ule unaokwenda ncha ya pili.

Kazi hii ina vipimo vitatu: umbali wa meli, nafasi yake machoni, na upande iliokuelekezea. Wengi huishia kwenye viwili vya mwanzo, na jibu lao hupotea kwa sababu ya hicho cha tatu.

Hesabu yenyewe

Kwa hatua hii ya kwanza huhitaji digrii wala kikokotoo chenye vitufe vingi. Shika rula mbele ya jicho, usome meli imechukua milimita ngapi za rula. Pembetatu ndogo, ya jicho na rula, inafanana kabisa na pembetatu kubwa ya jicho na meli. Kwa hiyo:

```
S = D × s / d
```

`S` ni ukubwa wa kitu, `D` ni umbali wake, `s` ni nafasi uliyosoma kwenye rula, na `d` ni umbali kutoka jichoni hadi kwenye rula. `s` na `d` ziwe kwa kipimo kimoja, milimita zote mbili. Jibu litatoka kwa kipimo cha `D`.

Wenye kupenda digrii huiweka rula sentimita 57.3 kutoka jichoni, kwa sababu hapo kila sentimita ya rula ni digrii moja. Kwa kazi hii sioni faida yake. Chagua umbali ambao mkono wako unaushikilia bila kutetemeka, kisha usiubadilishe. Katika mwongozo huu tutatumia milimita 600.

Rula na uzi

Toboa tundu katikati ya rula ya plastiki inayoonyesha milimita, upitishe uzi na kuufunga fundo. Uzi usiwe wa kutanuka. Mshipi wa kuvulia haufai, maana ukivutwa huongezeka urefu, na usumba ni mbaya zaidi. Ugwe wa katani au waya mwembamba unafaa. Funga fundo jingine milimita 600 kutoka kwenye rula, na upime huku uzi umevutwa kama utakavyouvuta kazini.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kifaa cha namna hii hii, kamali: kibao chenye uzi wa mafundo, walichopimia kimo cha nyota. Wao waliuma fundo kwa meno. Kwetu sisi kuuma hakufai, kwa sababu meno yako mbele ya jicho kwa sentimita mbili au tatu, na `d` katika hesabu ni umbali wa jicho, si wa mdomo. Sentimita mbili katika sitini ni kosa la asilimia 3 kabla hujaanza. Fundo libane kwenye kona ya nje ya jicho unalotazamia, kwenye mfupa, na jicho la pili ulifumbe.

Vuta uzi, rula ilale na kuikabili meli uso kwa uso, isiinamie upande wowote. Panga alama mojawapo iliyo karibu na tundu na tezi, yaani nyuma ya meli, kisha uhesabu milimita hadi alama iliyo sawa na omo, yaani mbele yake. Tatizo utakaloliona mara moja ni kwamba jicho haliwezi kuona rula na meli vizuri kwa wakati mmoja. Kimoja huwa na ukungu. Toboa karatasi nene kwa sindano, utazame kupitia kitundu hicho, na vyote viwili vitakaa sawa, ingawa giza litaongezeka kidogo. Soma mara tano, kila mara ukiishusha rula na kuipandisha upya, halafu chukua wastani. Kama masomo yako yanapishana kwa zaidi ya milimita 2, mkono umechoka au uzi haujavutwa sawasawa.

Kifaa hiki kina mtihani wake wa bure. Mwezi mpevu ukubwa wake unajulikana: kipenyo kilomita 3,474, umbali wa wastani kilomita 384,400. Kwenye rula iliyo milimita 600 kutoka jichoni, lazima usome kati ya milimita 5 na 6 hivi. Ukisoma 8, kasoro iko kwenye uzi au kwenye macho. Uusome mwezi unapochomoza baharini na uusome tena ukiwa juu kichwani. Ule wa chini huonekana mkubwa sana, lakini rula haitatoa tofauti hiyo, na ndiyo maana tunapima badala ya kukisia. Mtihani huu usiufanye kwa jua.

Simu badala ya rula

Meli iliyo kilomita 3 mbali, kila milimita ya rula ni mita 5 za meli. Anayetaka jibu la karibu zaidi atumie kamera ya simu, ambayo hugawa nafasi ile ile katika vipande vidogo sana, pikseli. Kanuni haibadiliki, kinachobadilika ni kwamba `d` sasa ni namba ya kamera, ambayo lazima uitafute mwenyewe mara moja. Tuiite `K`.

Chukua ubao mnyoofu wa mita 2, uupime kwa tepu ya fundi. Uegemeze kwenye ukuta, ulale sambamba na ardhi. Pima mita 20 kamili kutoka katikati ya ubao hadi kwenye lenzi ya simu, na usimame ukiukabili ukuta uso kwa uso, si kwa mshazari. Chagua ukuzaji utakaoutumia baadaye, kwa mfano `3x`, piga picha, kisha ihamishie kwenye kompyuta na uifungue kwenye `Paint`, ambako chini ya dirisha huandikwa mahali kielekezi kilipo. Toa namba ya ncha moja kutoka kwenye ya ncha ya pili. Tuseme umepata pikseli 856:

```
K = 856 × 20 / 2 = 8560
```

Kuanzia hapo, kitu chochote utakachokipiga kwa ukuzaji huo huo, ukubwa wake ni:

```
S = D × n / K
```

ambapo `n` ni idadi ya pikseli za kitu hicho.

Kuna njia tatu za kuiharibu `K` bila kujua. Ya kwanza, na iliyo kubwa, ni kujitumia picha kwa WhatsApp. Programu hiyo hupunguza picha ili isile bando, na meli iliyokuwa na pikseli 385 inaweza kufika ikiwa na chini ya nusu yake. Hamisha picha kwa waya, au itume kama hati, na kila mara linganisha upana wa picha nzima na ule wa picha uliyotafutia `K`, zikitofautiana, usiendelee. Ya pili ni jioni. Mwanga ukipungua, simu nyingi huacha kimyakimya lenzi yao ya mbali na kukata picha ya lenzi kuu, huku skrini ikiendelea kuandika `3x`. Lenzi hizo mbili hazilingani kabisa. Ya tatu ni kuiweka meli pembeni mwa picha, ambako lenzi huvuta umbo la vitu. Iweke katikati.

Mwezi unafaa kukagua hapa pia. Kwa `K` ya 8560, mwezi mpevu lazima uwe na pikseli kati ya 73 na 83, kulingana na uko karibu au mbali na dunia usiku huo. Punguza mwanga wa kamera kwanza, la sivyo mng'ao utaunenepesha.

Umbali

Kosa la umbali hupita moja kwa moja kwenye jibu: ukikosea umbali kwa asilimia 5, urefu wa meli nao umekosewa kwa asilimia 5. Kukisia kwa macho juu ya maji hakufai hata kidogo, kwa sababu baharini hakuna nyumba wala minazi ya kulinganishia.

Meli kubwa za safari za kimataifa zinatakiwa kubeba mtambo wa AIS, unaotangaza kwa redio mahali meli ilipo na omo linaelekea wapi. Tovuti kama `MarineTraffic` huonyesha habari hizo kwenye ramani. Chukua latitudo na longitudo ya meli, chukua na za kwako kwenye simu ukiwa mahali utakapopimia, kisha tafuta tofauti. Hapa kwetu, tukiwa karibu na ikweta, kila 0.001 ya digrii ni karibu mita 110.7, iwe kwa kaskazini na kusini au kwa mashariki na magharibi. Urahisi huu haupatikani nchi za mbali na ikweta.

Tuseme tofauti ni 0.0166 kwa latitudo na 0.0237 kwa longitudo. Hizo ni mita 1,838 kuelekea kaskazini na mita 2,624 kuelekea magharibi. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: mita 3,204. Tuchukue 3,200.

Angalia namna namba zilivyoandikwa. 6°08.5′ si 6.085. Dakika ziko 60 katika digrii, kwa hiyo 8.5 igawe kwa 60 kwanza, upate 6.1417. Atakayechanganya mitindo hii miwili ataipeleka meli kilomita kadhaa kutoka ilipo. Na kama umbali umeupata kwa maili za baharini, kila maili ni mita 1,852, si 1,609 za barabarani.

Angalia pia saa ya taarifa. Meli iliyo kwenye nanga huzunguka nanga yake, na taarifa ya saa tatu zilizopita inaweza kuwa imepishana na ukweli kwa mita mia na zaidi. Taarifa na picha ziwe za dakika zile zile.

Upande iliokuelekezea

Rula na kamera hazipimi urefu wa meli. Hupima upana wa kivuli ambacho meli ingekitupa kwenye ukuta uliosimama mbele yako. Meli ikikuonyesha ubavu, kivuli ni kirefu kama meli. Ikikuelekezea omo, kivuli ni upana wake tu, na meli ya mita 167 itaonekana kama ya mita 26.

Msimu unasaidia. Meli kwenye nanga huelekeza omo kwenye upepo, kama mkondo wa maji haujaushinda. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo kuanzia Disemba hadi Machi, mtu aliye Forodhani anayetazama kaskazini-magharibi, upande wa Changuu, huzikuta meli zimempa ubavu. Kusi hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, na ukitazama upande ule ule meli zinakuwa zimekugeuzia omo. Wakati wa kusi, tafuta mahali pengine pa kusimama kwenye ufuo kuliko kusumbuka na hesabu. Maji ya bamvu huvuruga mpango huu, maana mkondo wake ni mkali. Kwenye maji mafu upepo ndio unaotawala.

Tuumalizie mfano wetu. Meli iko mita 3,200, uelekeo wa digrii 305 kutoka kaskazini, kwa mzunguko wa saa, ukitoka uliposimama. AIS inasema omo linaelekea 70. Rula imesoma milimita 27:

```
3200 × 27 / 600 = 144
```

Kamera imetoa pikseli 385:

```
3200 × 385 / 8560 = 143.9
```

Vifaa viwili vimekubaliana, lakini mita 144 si urefu wa meli. Toa 70 kutoka 305, upate 235. Toa 180, ibaki 55. Hiyo ndiyo pembe kati ya mstari wa jicho lako na mkuku wa meli. Kama ingekuwa 90, tungekuwa tumemaliza. Kwa 55, urefu umefupishwa kwa kuzidishwa na saini ya 55, kitufe cha `sin` kwenye kikokotoo, ambayo ni 0.819.

Ukigawa 144 kwa 0.819 utapata karibu mita 176, na hapo umezidisha. Kivuli kile kimebeba pia kipande cha tezi, ambalo ni pana na butu. Omo limechongoka, haliongezi kitu. Kwa hiyo kilichoongezeka ni nusu ya upana wa meli mara kosaini ya pembe, kitufe cha `cos`, ambayo hapa ni 0.574. Meli ya mizigo kwa kawaida upana wake ni kama sehemu ya sita ya urefu, au pungufu kidogo. Hapa tuchukue mita 26:

```
143.9 − (13 × 0.574) = 136.4
136.4 / 0.819 = 166.5
```

Meli ni ya mita 167 hivi. AIS hutangaza pia urefu na upana wa meli, kwa hiyo jibu lako lina mahali pa kusahihishiwa. Lifiche hadi umalize, ukilifungua mwanzo mkono utaanza kusoma unachokitaka.

Pembe ikiwa chini ya 45, acha. Sababu ni hii: kwenye digrii 80, kukosea uelekeo wa omo kwa digrii 5 kunabadilisha jibu kwa asilimia 2 tu. Kwenye digrii 20, kosa lile lile la digrii 5 linalibadilisha kwa zaidi ya asilimia 20. Na uelekeo wenyewe uuchukue kutoka kwenye tofauti za latitudo na longitudo, si kwenye dira ya simu, ambayo hupotoshwa na chuma cha gari, cha mizinga ya Forodhani na hata cha kasha la simu.

Jibu lako lina uzito gani

Kwa rula, ukikosea milimita 1 umekosea mita 5 za kivuli. Kwa kamera, ukikosea pikseli 3 umekosea mita 1 tu. Ndiyo maana ukishatumia kamera, kosa kubwa linahamia kwenye umbali. Mahali panapotangazwa na AIS ni pale antena ilipo, mara nyingi kwenye jengo la nyuma karibu na tezi, si katikati ya meli. Meli ikiwa imekupa ubavu, hilo halina athari kubwa. Ikiwa imelala mshazari kama yetu, katikati yake inaweza kuwa karibu au mbali zaidi kwa mita 40, yaani asilimia 1 na ushei. Kwa mfano wetu, jibu la haki ni mita 167, zaidi au pungufu kwa mita 6. Anayeandika mita 166.5 anadai usahihi asionao.

Ukitaka kimo badala ya urefu

Kupima kimo cha mlingoti au cha mnara wa taa ni hesabu ile ile, rula ikisimamishwa wima, na habari ya upande uliokuelekezea haipo. Lakini kuna jambo jingine: dunia imepinda, na bahari huficha miguu ya vitu vya mbali. Jicho lililo mita 2 juu ya maji lina upeo wa kilomita 5.5 hivi. Kitu kilicho kilomita 10 kimefichwa mita 1.4 za chini. Kilicho kilomita 20 kimefichwa mita 14. Hesabu yake ni hii, `L` ikiwa umbali kwa kilomita na `h` kimo cha jicho kwa mita:

```
x = 3.86 × √h
kilichofichwa = ((L − x) / 3.86)²
```

Jibu hutoka kwa mita, na unaliongeza kwenye kimo ulichokipata. Kimo cha jicho hupimwa kutoka usawa wa maji ya saa hiyo. Maji ya bamvu hapa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, kwa hiyo mtu asiyesogea hata hatua moja ana upeo tofauti asubuhi na mchana.

Dawa rahisi ni kupanda juu. Ukiwa kwenye paa la nyumba ya Mji Mkongwe, mita 15 juu ya maji, upeo ni karibu kilomita 15, na kwa meli za bandarini hakuna kinachofichwa.

Maji yakiwa ya moto kuliko hewa, hewa iliyoyagusa hukunja mwanga, na chini ya meli huonekana mazigazi: ukanda unaocheza, wakati mwingine na meli ya pili iliyopinduliwa chini ya ile ya kweli. Ukiona mstari wa maji kwenye ubavu wa meli unatetemeka au meli inaelea hewani, urefu bado unaweza kuusoma. Kimo kiache hadi mazigazi yaishe.